Kuchemsha supu ileile kila siku

Swali: "Nachemsha sufuria ileile ya supu asubuhi na jioni ili isiharibike. Kuna ubaya?"

Ndugu, ubaya upo, na unaingia saa zile supu inapopoa mezani. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hazifi kwa kuchemka. Supu ikiwa vuguvugu, mbegu hizo huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu. Ukichemsha tena utawaua bakteria wenyewe, lakini sumu yao ya kutapisha itabaki, maana hustahimili hata nyuzijoto 121, na supu inachemka kwenye 100 tu. Harufu na ladha hazitakuonya. Igawe kwenye vyombo vipana visivyo na kina, iingie friji ndani ya saa 2, kisha upashe ya kula tu. Iliyolala mezani usiku kucha, tafadhali imwage.