Ukisikia "Kitendawili!" usiulize kipi, sema "Tega!"

Mtu akisema "Kitendawili!" hajakupa habari ya kuomba maelezo, jibu lake ni moja tu na kila mtu analitoa kwa pamoja: "Tega!" Akisema "Paukwa!" unaitikia "Pakawa!" Akisema "Hadithi hadithi!" ni "Hadithi njoo!" Basi, hakuna kingine hapo katikati. Ila sasa hivi, na hili naliona kila likizo nyumbani kwangu Dar watoto wa ndugu wakijaa, unasema Kitendawili! afu mtoto anakutazama kwa adabu kabisa anakuuliza, "Kitendawili gani, shangazi?" Mwingine anadakia, "Kinahusu nini?" Na mchezo umeshakatika kabla haujaanza.

Siwalaumu, wengi wamekutana na vitendawili kwenye kitabu cha shule, mstari wa juu swali mstari wa chini jibu, hakuna mtu aliyewaitia hata siku moja. Kwahiyo wanafanya kile walichozoea, ukiongeleshwa na hujaelewa unauliza. Lakini hili neno liko upande wa hodi. Mtu akipiga hodi mlangoni humuulizi "hodi ya nini?", unasema karibu kwanza, mengine yatajulikana akishaingia. Mtegaji naye anaomba kuingia, na mpaka asikie Tega hana ruhusa ya kusema hata neno moja la kitendawili chenyewe.

Sasa ushauri wangu wa kwanza kwa mzazi au mwalimu anayetaka kuurudisha huu mchezo: usianze kwa kueleza. Ukikaa ukasema "jamani mimi nikisema hivi nyinyi mtasema vile na sababu yake ni hii", umeshafungua darasa na watoto watakaa kidarasa, wataanza kunyoosha mikono. Tafuta mmoja anayejua, mtu mzima au mtoto mkubwa, mkae naye humohumo kwenye kundi. Wewe unaita, yeye anaitikia kwa sauti. Unaita tena, anaitikia tena. Mara ya tatu wadogo washadaka, maana mtoto hapendi kubaki nje ya kelele inayopigwa na wenzake. Na anayeuliza "kipi?" usimjibu, sio kwa ukali, unamtazama tu kwa tabasamu unarudia "Kitendawili!" mpaka na yeye aingie. Hapo ndo wengi wanalegea, wanamuonea mtoto huruma wanasema "kinahusu nyumba", na ukishasema nyumba umeshatoa nusu ya kitendawili bila kutegewa.

Nichukue hichohicho cha nyumba tukipitie mpaka mwisho, kwasababu kila mtu anakijua. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Mtoto mmoja wa darasa la tatu akauliza palepale, "Iko wapi hiyo nyumba?" Hili nalo ni swali la ufafanuzi ila limekuja baada ya Tega, na dawa yake ni ileile, haulijibu. Baada ya kitendawili kutegwa kinachotoka kwa msikilizaji ni kitu, anataja jina la kitu na wewe unasema ndiyo au siyo. Kwahiyo nikamwambia "taja!" tu. Akasema kaburi. Mwingine mzinga wa nyuki, mwingine chungu. Sasa kaburi ukilifikiria halijakosea sana, kweli ni nyumba na kweli halina mlango, na hapa watu tunatofautiana, wapo wanaokubali jibu lolote linaloingia akilini. Mimi nasema siyo, kwasababu kitendawili kina jibu lake linalojulikana na utamu uko kwenye kulifikia hilo, lakini aliyesema kaburi nampa nafasi ya kutega kinachofuata maana kafikiri vizuri.

Wakaishiwa. "Tumeshindwa." Hapo mtegaji anasema "Nipe mji!" na ndo mtego wa pili wa maswali, utasikia "mji wa nini?" au "mji upi?" Hapana, unataja mji. Wakanipa Tanga, nikakataa. Wakanipa Morogoro, nikakataa, mtegaji ana haki ya kukataa mpaka apewe mji unaomridhisha, na kukataa kuna kazi yake, kunawafanya wanaolisubiri jibu wazidi kulitamani. Wakanipa Zanzibar, nikapokea. Afu haukimbilii jibu, unasafiri kwanza: nilikwenda Zanzibar, watu wakanipokea, wakanipikia pilau, nikala nikashiba nikapewa na tende, wakaniuliza mbona wenzako hukuja nao, nikawaambia wenzangu wamebaki nyumbani wameshindwa na kitendawili changu, nyumba yangu haina mlango, na jibu lake ni YAI. Kelele zilizofuata hapo huzipati ukisoma jibu kwenye kitabu. Mtoto aliyetoa mji wa Zanzibar alitaka na chai yangu iwemo kwenye safari!

Paukwa ni mlango mwingine, ni wa hadithi, na usiuchanganye na Tega. Ukiita Paukwa wakaitikia Tega ujue hawasikilizi, wanaropoka tu, rudia. Kenya watoto wengi wanaurefusha, Paukwa? Pakawa! Sahani? Ya mchele! Giza? La mwizi! na kila kipande kina mwitikio wake hauguswi. Visiwani utasikia mtambaji akishaitikiwa Pakawa anamwaga maneno, kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupitia, na kila bibi anayasema kidogo tofauti na mwenzake. Mtoto mwerevu atakukatiza, chanjagaa ni nani? Usisimame. Hayo maneno yanatengeneza ukimya na mdundo kabla ya "hapo zamani za kale", ukisimama kufafanua unaanza kutambia watu waliokwisha amka. Akikumbuka kuuliza kesho yake asubuhi, vizuri, kaeni muongee.

Kitu kingine kinachosaidia sana ni kusikiliza ule mwitikio wenyewe unavyotoka. Tega ikija kwa mkupuo mmoja tega haraka, usiwachoshe. Ikija imekatikakatika, huyu sasa hivi, yule baadaye, mwingine anaongea na jirani, basi hawajawa tayari na kitendawili chako kitapotea, ita tena kwa sauti ya chini kidogo kuliko mwanzo, sio ya juu. Ukipaza na wao wanapaza na inageuka mashindano ya kupiga kelele, ukishusha wanasogea. Na ikija nyonge mara ya tatu mfululizo wamechoka, malizeni mkale.

Kwa wenye watoto wa ndugu nje, Maskati au Uingereza, mnaotegeana kwa simu ya video: mkupuo hautatokea, sauti zinagongana na zinachelewa na mtoto anadhani kakosea. Chagueni mwitikiaji mmoja kila upande. Mimi naita jina kwanza, kisha Kitendawili, anajibu yeye peke yake, na kitendawili kinachofuata anaita yeye mimi naitikia. Na kwenye mji wa kwenda wape ruhusa ya kutaja mji wanaokaa wao, maana ukishafika huko kwenye safari yako na kula chakula chao watakurekebisha kila kitu ulichokosea kuhusu mji wao, kwa Kiswahili.