Kunyoa ndevu mkono ukitetemeka

"Baba ana Parkinson, wembe unamkata kila akinyoa. Afanyeje?"

Pole. Wembe auache, atumie mashine ya umeme yenye wavu juu ya visu. Hiyo ni nadra kukata hata mkono ukiruka. Aketi mezani, viwiko vikiegemea meza, kisha uso ndio uifuate mashine. Mkono wa pili ushike kifundo cha ule unaonyoa. Mashine ikiwa nyembamba, izungushie tyubu ya baiskeli: kitu kinene hakihitaji kukazwa sana, na kukaza huzidisha mtetemo.

Saa nayo ni muhimu. Mzee wangu alikuwa akinyoa alfajiri kabla ya kidonge, sisi tukailaumu mashine! Kama baba anameza levodopa, dawa ya Parkinson, asubiri ishike, mara nyingi dakika 30 hadi 60.