Majibu yamesoma sifuri? Soma hapa kabla hujapasuliwa korodani

Ndugu zangu, hapa Tabora mwanaume akiambiwa hana mbegu hata moja anachanganyikiwa, mwingine anakimbilia kwa mganga, mwingine anaenda mjini moja kwa moja akapasuliwe. Subiri kwanza. Rudia kipimo, na safari hii omba maabara waizungushe sampuli kwenye mashine alafu waangalie masalia ya chini kwa darubini, maana mbegu zikiwa chache sana wakitazama tone moja tu hawazioni. Zikionekana hai hata kidogo, mara nyingi hakuna haja ya upasuaji, zinagandishwa zinasubiri iksi (kwenye karatasi utaona ICSI), ambapo mtaalamu anachukua mbegu moja kwa sindano ya kioo anaiingiza ndani ya yai. Hahitaji mamilioni, anahitaji moja iliyo hai kwa kila yai.

Na kama unachoma testosteroni upate misuli, sema mapema, inazima uzalishaji wa mbegu, ukiacha mara nyingi zinarudi baada ya miezi kadhaa.

Mimi zilisoma sifuri tena hata baada ya kuzungushwa. Daktari akanipima korodani kwa mkono, ukubwa wa kawaida, homoni ya FSH, ile ubongo unayotuma kuiamuru korodani itengeneze mbegu, ikasoma 4, kawaida tu, akaniuliza kama niliwahi kuugua kisonono, nikamwambia ndiyo, ujanani. Akasema kiwanda kinafanya kazi, ila njia ya kutokea imeziba. Kwa hali hiyo mbegu zinavutwa kwa sindano kwenye kile kirija kilichojikunja nyuma ya korodani, kwa ganzi tu, na karibu kila mara zinapatikana. Zangu zilipatikana. Lakini zikitolewa hivyo hazina nguvu ya kuogelea vizuri na ni kidogo, ndo maana mke hawezi kupandikizwa mbegu hizo kwa njia ya kawaida, lazima iksi.

Shemeji yangu wa Nzega hali yake ilikuwa nyingine kabisa. Korodani ndogo, FSH 24, yaani ubongo unapiga kelele na kiwanda hakijibu. Hapo sindano haitoshi, unapasuliwa chini ya darubini na daktari anatafuta vile virija vilivyonenepa kidogo, maana huko ndo mbegu zinaweza kuwa zimejificha. FSH kubwa haimaanishi hakuna kitu, karibu nusu ya wanaume wa hivi hupata, nusu nyingine hawapati. Ila kabla ya kukatwa alipimwa damu ya kromosomu Y, kwa sababu kipande kinachoitwa AZFa au AZFb kikikosekana chote, upasuaji ni kupoteza hela na kuumia bure. Chake kilikuwepo, wakapasua, wakatafuta sana, hawakupata.

Wenzangu, hapa nawasihi: mbegu zitafutwe na kugandishwa kabla mke hajaanza kuchomwa sindano za kukuza mayai. Zile sindano ni za siku kama kumi, ghali, zinachosha. Dada yangu hakuchomwa hata moja, walisubiri majibu ya mumewe kwanza, na hela ile bado wanayo wakiamua kutumia mbegu za mchangiaji au kuasili mtoto.