Mwezi, mwaka, na mkataba wa katikati

Swali la wiki: “Programu na huduma nyingi za mtandaoni siku hizi hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Mbali na bei, tofauti yake hasa ni nini, na siku ulizolipia bila kuzitumia huenda wapi?”

Ndugu Mhariri,

Nina ofisi ndogo ya uchapaji hapa Sinza, na kazi yangu kubwa ni kadi za harusi, kadi za michango na mabango ya sherehe. Programu ninayosanifia kadi hizo hailipiwi mara moja ikawa yangu, bali nalipia muda wa kuitumia. Nimejifunza kwa gharama kwamba ukurasa wa malipo, ambao wengi wetu tunaona una njia mbili tu, mara nyingi una njia tatu, na hiyo ya tatu ndiyo inayotuumiza kwa sababu inafanana na ya mwezi ilhali ni ya mwaka.

Kila usajili wa aina hii una mambo mawili yaliyotenganishwa: umejifunga kwa muda gani, na pesa inakatwa mara ngapi. Kwa wapangaji wa Dar es Salaam hili si geni, kwa maana tunajua kwamba mwenye nyumba anaweza kuandika mkataba wa mwaka mmoja kisha akakubali upokee funguo kwa kodi ya miezi michache. Kulipa kidogo kidogo hakupunguzi urefu wa mkataba. Vivyo hivyo kwenye programu, utakuta njia ya kwanza imeandikwa “Monthly”, ambapo umejifunga mwezi mmoja na unalipa mwezi mmoja. Ya pili “Annual, prepaid”, ambapo umejifunga mwaka na umelipa wote siku ya kwanza. Na ya tatu “Annual, billed monthly”, ambapo umejifunga mwaka lakini kadi yako inakatwa kila mwezi; huu ndio ninaouita mkataba wa katikati. Macho hukimbilia bei ndogo ya mwezi iliyoandikwa kwa herufi kubwa, na neno “Annual” lililotangulia likapita bila kusomwa.

Nieleze yaliyonipata. Tarehe 4 Novemba 2024, msimu wa harusi za Desemba ukikaribia, nilijiunga na programu moja ya usanifu. Bei zilikuwa kwa dola, nami nitazieleza kwa shilingi zilizokaribiana nazo ili hesabu iwe nyepesi. Njia ya mwezi huru ilikuwa shilingi 30,000 kila mwezi. Mwaka wa kulipa wote mara moja ulikuwa 216,000. Mwaka wa kukatwa kila mwezi ulikuwa 20,000 kwa mwezi, yaani 240,000 kwa mwaka mzima. Nikachagua hiyo ya 20,000, nikiamini kwamba nimepata mwezi wa bei nafuu.

Mwezi Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima vilikwenda pamoja, na yeyote anayefanya kazi za harusi mjini hapa anajua kipindi hicho kinavyokuwa kikavu. Tarehe 28 Machi, nikiwa nimeshalipa mara tano, niliamua kusitisha. Skrini ikaniambia kwamba muda wa kughairi bila gharama, ambao ulikuwa siku 14 za mwanzo, umepita tangu Novemba, na kwamba nitakatwa nusu ya kilichobaki katika mkataba. Miezi saba kwa 20,000 ni 140,000, na nusu yake ni 70,000. Nilibonyeza kwa hasira, pesa ikakatwa, na huduma ikafungwa tarehe 3 Aprili, mwisho wa mwezi niliokuwa nimeulipia. Ile 70,000 haikuninunulia hata siku moja ya kazi. Ilikuwa bei ya kutoka tu.

Hesabu hii inastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu ina jambo ambalo sikuliona siku ile. Kwa miezi mitano nilitumia jumla ya 170,000, wakati njia ya mwezi huru ingenigharimu 150,000. Ningekaa miezi sita, njia zote mbili zingefikia 180,000, na kuanzia mwezi wa saba mkataba wangu ungekuwa nafuu hata baada ya kutozwa faini. Kwa hiyo kwa bei zile na faini ile, mtu asiye na uhakika wa kuitumia programu zaidi ya miezi sita hana sababu ya kuingia katika mkataba wa katikati. Anayefikiria kulipa mwaka wote kwa mkupuo, ikiwa hakuna kurudishiwa pesa, anahitaji kuitumia miezi minane, maana miezi saba ya njia huru ni 210,000, bado chini ya 216,000.

Lakini jambo lililonifundisha zaidi ni hili: ukishakuwa ndani ya mkataba wa namna ile, mwezi unaofuata haukugharimu tena 20,000. Kila mwezi unaoongeza hupunguza faini kwa 10,000, kwa hiyo bei halisi ya kubaki ni 10,000 tu. Mimi niliondoka Machi, kisha harusi zikarudi, na kuanzia Juni hadi Agosti nililazimika kujiunga upya kwa njia huru, 30,000 mara tatu. Jumla yangu ikawa 260,000, wakati ningenyamaza na kumaliza mwaka ningelipa 240,000 na kuwa na programu miezi yote kumi na miwili. Aliyekwisha kufungwa apige hesabu ya miezi iliyo mbele yake, na yale aliyokwisha lipa ayaache yalivyo.

Sasa nije kwenye siku zisizotumika, kwa kuwa hapa watu huchanganya mambo. Mfumo wa malipo hauhesabu mara ulizofungua programu, unahesabu kalenda. Mwezi ambao hukuigusa umeisha sawasawa na mwezi uliokesha nayo, na hakuna kinachohamia mwezi unaofuata. Kuifuta programu kwenye simu nako hakusitishi malipo, iwe umelipia kupitia duka la Apple au la Google. Usajili unabaki katika akaunti yako na utajihuisha siku yake ikifika. Ni lazima uingie kwenye sehemu ya usajili ndani ya akaunti na ughairi huko.

Ukighairi ukiwa katika njia ya mwezi huru, kwa kawaida hurudishiwi siku zilizobaki, ila unaendelea kuzitumia hadi mwezi uishe. Kwa hiyo hakuna faida ya kusubiri siku ya mwisho. Ghairi mapema, siku zako zitabaki. Uangalifu unahitajika kwenye kipindi cha majaribio ya bure, kwa sababu huko baadhi ya huduma hufunga mlango mara tu unapoghairi.

Ukihama kutoka mwezi kwenda mwaka, huduma nyingi zinazokulipisha moja kwa moja hubadilisha siku ulizobakiza kuwa salio. Chukua mwezi wa siku 30 uliolipiwa 30,000 tarehe 1 Juni: ukihama asubuhi ya tarehe 16, zimebaki siku 15, na 15,000 hupunguzwa kwenye malipo ya mwaka. Ukiona skrini ya mwisho inaonyesha bei kamili bila punguzo hilo, simama kwanza, kwani huenda huduma hiyo haitoi salio na ni heri usubiri mwezi uishe. Kwenye duka la Apple utaratibu ni mwingine: ukiwa katika daraja lilelile la huduma na unabadilisha urefu wa muda tu, mabadiliko husubiri tarehe ya kujihuisha, na siku zako hazipotei. Kushuka daraja nako husubiri tarehe hiyo. Kupanda daraja hufanyika papo hapo, na unarudishiwa sehemu ya muda uliokuwa umebaki kwenye daraja la zamani.

Kuhusu vitu unavyopata, nisikawie sana, kwa sababu mara nyingi zana zenyewe ni zilezile; aliyelipa mwezi na aliyelipa mwaka wanafungua programu ileile. Tofauti inayogusa ofisi ni idadi ya watumiaji. Katika huduma ya barua pepe za kazini ya Google Workspace, kwa mfano, njia huru hukuruhusu kuongeza au kupunguza watumiaji wakati wowote na ukalipia waliopo, wakati mkataba wa mwaka hukuruhusu kuongeza lakini kupunguza husubiri hadi tarehe ya kuhuisha ifike. Mwenye duka anayeajiri vijana wanne wa msimu kisha akabaki na wawili ataendelea kulipia viti viwili visivyo na mtu. Kwa upande mwingine, aliyelipa mwaka mzima kwa kawaida hulindwa dhidi ya bei kupanda kabla mwaka wake haujaisha, na kwa sisi tunaotozwa kwa dola amelindwa pia dhidi ya shilingi kuteleza katikati ya mwaka. Mwenye njia ya mwezi anakutana na bei ya dola ya siku hiyo, kila mwezi, na kadi ikiwa haina salio asubuhi ya kukatwa, kazi inaweza kufungwa mteja akiwa amesimama mbele yake.

Kwa kujua unachosaini, usitegemee kichwa cha habari cha ukurasa. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, tafuta sentensi ndogo inayotaja tarehe ya kujihuisha. Ikiwa tarehe hiyo ni mwezi ujao na hakuna panapotajwa ada ya kughairi, uko katika mwezi huru. Ikiwa utakatwa mwezi ujao lakini tarehe ya kujihuisha ni mwaka ujao, uko katika mkataba wa katikati, hata kama neno mwezi limeandikwa mara kumi. Piga picha ya skrini hiyo na uitunze pamoja na risiti. Mimi sikuwa nayo, na nilipoandika kulalamika sikuwa na cha kuonyesha.

Ofisini kwetu sasa kuna kompyuta mbili zilizopangwa tofauti. Ya kwanza, inayofanya kazi za kila siku, imelipiwa mwaka mzima kwa mkupuo tangu Novemba 2025. Ya pili hulipiwa kwa mwezi huru, hufunguliwa msimu ukichanganya, na mdogo wangu anayeitumia hughairi siku ileile anayolipia, kisha akaendelea na kazi zake hadi mwezi uishe. Kwenye kalenda ya ukutani tumezungushia tarehe 20 Oktoba kwa wino mwekundu, wiki mbili kabla ya ile ya kwanza kujihuisha.

Msomaji wenu,
Sinza, Dar es Salaam