Kabla sijakutumia Excel ya pointi, soma kwanza kilichonikuta

Juzi kijana mmoja kaniandikia anaomba Excel yangu ya orodha ya pointi za BMS, ule mfumo wa kusimamia mitambo ya jengo, ana jengo lenye maduka chini, ofisi katikati na apatimenti juu. Mdogo wangu nitakutumia, ila bila stori yake haitakusaidia.

Jengo langu la kwanza la aina hiyo orodha ilikuwa safi, kila feni koili ina AI ya kusoma joto la chumba, AO ya kuongoza valvu ya maji baridi, BO ya kuwasha feni na BI ya kujua kama feni inazunguka kweli. Mteja kasaini. Kumbe kosa lilikuwa kwenye namba. Kila laini ya MS/TP, yaani waya ambao kontrola zinaongea BACnet, ilikuwa na anwani za MAC 1 mpaka 28, na hiyo haina shida, MAC inaruhusiwa kujirudia maana kila laini ina namba yake ya netiweki. Ila tulikopi faili la maduka tukaliweka ofisini pamoja na `Device Instance`, namba ya utambulisho wa kila kontrola, na hiyo ndo haitakiwi ijirudie jengo zima.

Wiki ya kukabidhi, skrini inasema ofisi ya ghorofa ya tano ina nyuzi 31 na mimi nimesimama humo humo nasikia baridi. Unazima ofisi, linazima duka. Nikabadilisha sensa, nikabadilisha kontrola, siku tatu zikaisha. Meneja wa jengo akanifokea mbele ya vijana wangu, mpaka leo inaniuma. Siku ya nne ndo nikaiuliza netiweki yenyewe nani ana namba 1012:

```
Who-Is 1012 1012
I-Am 1012  net 2001 mac 12
I-Am 1012  net 2005 mac 12
```

Namba moja, wameitika wawili. Skrini ilikuwa inamshika aliyeitika mwisho.

Siku hizi namba naziandika kwenye orodha kabla waya haujavutwa: netiweki 2005, MAC 12, inakuwa 2005012, ukiiona tu unajua iko laini gani. BACnet inaishia 4194302, kwa hiyo kwa mtindo huu netiweki isipite 4194.

Halafu usichanganye wapangaji kwenye laini moja. Mimi niliunganisha maduka na ofisi za juu ili niokoe waya, fundi wa dari wa duka moja akaukata, ofisi zote zilizo mbele yake zikapotea kwenye skrini. Feni ziliendelea kufanya kazi maana kontrola inajitegemea, ila hakuna aliyeweza kuziona wala kuziamuru. Sasa maduka, ofisi na apatimenti kila moja ina raota yake, zinakutana juu kwenye BACnet/IP, UDP 47808. Watu wa IT wakizigawa kwenye VLAN tofauti weka BBMD moja kila upande ya kupitisha matangazo, la sivyo Who-Is haivuki.

Kwenye Excel nitakayokutumia kolamu ya kwanza ni mpangaji, ya pili netiweki, ya tatu MAC, ya nne `Device Instance`, jina la pointi linakuja la tano. Usizihamishe.