Shimo la sentimita 40 barabarani

Swali la wiki: "Kila mwaka tunaambiwa rushwa imepungua au imeongezeka. Inapimwaje, na kati ya ukaguzi wa hesabu na zabuni za wazi, ni kipi kinachoipunguza kweli?"

Niliwahi kuwa mdadisi katika utafiti wa maoni ya wananchi, nikipita nyumba kwa nyumba na dodoso lenye maswali ya aina mbili. La kwanza lilimtaka mhojiwa aseme, kwa maoni yake, ni watumishi wangapi wa idara fulani wanaojihusisha na rushwa. La pili lilimwuliza kama yeye mwenyewe, katika miezi 12 iliyopita, alifuata huduma kwenye idara hiyo, na kama alilazimika kutoa chochote ili aipate. Mama mmoja muuza mboga alijibu la kwanza bila kusita: karibu wote. La pili alilikana kabisa. Nilipokuwa nafunga dodoso akaniambia, "Mwanangu, rushwa mimi sijatoa. Yule kijana wa masjala nilimpa tu ya soda, faili langu likaonekana." Nilirudi kwenye swali, nikalisoma tena kwa maneno yale yale pamoja na mifano yake, naye akabadilisha jibu. Angeingia ndani kuendelea na shughuli zake dakika moja mapema, angehesabiwa kuwa mtu asiyewahi kutoa kitu.

Majibu ya mama yule yanaonyesha udhaifu wa vipimo vyote viwili. Kipimo cha mtazamo hukusanya yale mtu anayoyaamini, nayo hutoka redioni, kwenye mazungumzo ya kijiweni na kwenye kesi iliyovuma wiki iliyopita. Kipimo cha uzoefu huuliza tukio lililomfika mhojiwa mwenyewe, kwa hiyo ni imara zaidi, lakini hutegemea tukio hilo linaitwaje, na idadi ya matukio inagawanywa kwa watu wapi. Chukua mfano wa watu 1,000 waliohojiwa, ambao 200 kati yao walikutana na polisi na 60 wakatoa kitu. Anayegawanya kwa watu wote atatangaza asilimia 6, na anayegawanya kwa waliofika atatangaza asilimia 30, na hakuna kati yao aliyedanganya. Wala hapo hajahesabiwa yule ambaye hakwenda kituoni kabisa kwa sababu alijua hana cha kutoa.

Kielelezo kinachotajwa zaidi kwenye habari, kile cha shirika la Transparency International, ni cha mtazamo. Kilianza mwaka 1995, na tangu mwaka 2012 hutoa alama kutoka 0 hadi 100, zikijumlishwa kutokana na tathmini za wataalamu na wafanyabiashara, si kutokana na mwananchi aliyetoa ya soda. Kinafaa kutenganisha nchi yenye alama 30 na nchi yenye alama 70. Hakifai kutuambia kwamba sheria iliyopitishwa mwaka jana imefanya kazi, kwa kuwa kupanda au kushuka kwa alama moja au mbili huwa ndani ya kiwango cha makosa ya kipimo chenyewe. Zaidi ya hapo, mkaguzi anayefanya kazi yake vizuri anaweza kuufanya mtazamo uwe mbaya zaidi. Hapa Tanzania, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti mwishoni mwa Machi, na ikishafika bungeni mwezi Aprili magazeti hujaa habari za ubadhirifu. Aliyeulizwa maoni yake wiki hiyo atasema mambo yameharibika, ingawa kilichobadilika ni kwamba yameonekana.

Ndiyo maana nadhani utafiti unaojibu swali hili vizuri kuliko mwingine wowote ni ule uliofanywa na mwanauchumi Benjamin Olken katika vijiji 608 vya Java Mashariki na Java ya Kati, nchini Indonesia, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2007. Vijiji hivyo vilipewa fedha za kujenga barabara ndogo za mchanga, mawe na kokoto. Olken hakutaka kuuliza tu nani ameiba. Baada ya barabara kukamilika, wahandisi walichimba mashimo ya mraba yenye upande wa sentimita 40, katika sehemu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wakapima kiasi cha kila aina ya malighafi kilichomo, kisha wakakizidisha kwa urefu na upana wa barabara. Bei waliziuliza kwa wauzaji wa eneo husika, na ujira wakauuliza kwa wanakijiji waliofanya kibarua. Kwa kuwa mchanga hupungua wenyewe unaposafirishwa na kushindiliwa, walijenga kwanza barabara fupi za majaribio ili wajue upungufu wa kawaida ni kiasi gani, wasije wakamwita mwizi mtu ambaye mvua ndiyo iliyomchukulia. Tofauti iliyobaki kati ya gharama hiyo na ile iliyoandikwa vitabuni ndiyo iliyohesabiwa kuwa fedha iliyopotea.

Kisha aliwauliza wanakijiji wanavyoona. Shaka zao zilielekea upande wa ukweli, ila kwa udhaifu mkubwa: upotevu ulipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mwanakijiji kusema kuna rushwa katika mradi uliongezeka kwa asilimia 0.8 tu. Chanzo chake kinaeleweka. Mwanakijiji anajua bei ya mawe, kwa hiyo bei ikipandishwa atanusa. Hana namna ya kujua ni mita ngapi za ujazo zilizolala chini ya kokoto, na viongozi wa miradi walilijua hilo vizuri, maana wizi mwingi ulifanyika kwa kuongeza idadi kwenye karatasi huku bei ikiachwa ya kawaida. Vijiji vyenye mchanganyiko wa makabila vilishuku zaidi, ingawa mashimo hayakuonyesha upotevu mkubwa zaidi huko. Kwa maneno mengine, kipimo cha mtazamo kilikuwa kikipima pia jinsi majirani wanavyoaminiana.

Kuhusu dawa, vijiji viligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi viliambiwa kabla ya ujenzi kuanza kwamba hakika vitakaguliwa na wakaguzi wa serikali kuu na matokeo yatasomwa mbele ya mkutano wa kijiji, wakati katika hali ya kawaida uwezekano wa kukaguliwa ulikuwa kama asilimia 4 tu. Vingine vilisambaziwa mialiko ili watu wengi zaidi wahudhurie mikutano ya kuelezwa matumizi. Mialiko iliwaleta watu, lakini ilipunguza wizi wa ujira pekee, kwa sababu kibarua anajua alilipwa siku ngapi. Upande wa malighafi haikubadilisha kitu cha maana. Tangazo la ukaguzi ndilo lililopunguza upotevu kwa takriban pointi 8 za asilimia, kutoka kama asilimia 28 hadi kwenye 19 au 20.

Wengi huishia kwenye hizo pointi 8, nami naomba tuziangalie zile 19 zilizobaki. Mkaguzi alikuja kwa hakika, kila mtu alijua atakuja, na bado karibu sehemu moja ya tano ya fedha haikuonekana. Wakaguzi waliangalia hasa nyaraka, na makosa waliyoyaona yalikuwa zaidi ya utaratibu: risiti iliyokosekana, zabuni isiyolinganishwa, sahihi isiyokuwepo. Ni nadra kosa la aina hiyo kumfikisha mtu mahakamani. Jambo la pili ni kwamba katika vijiji vilivyosubiri ukaguzi, ndugu wa viongozi wa mradi waliajiriwa kwa wingi zaidi. Mlango mmoja ulipobanwa, faida ilipitia mlango ambao karatasi za mkaguzi hazikuwa na safu yake.

Brazil ilijaribu njia nyingine kuanzia mwaka 2003: wilaya za kukaguliwa zilichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu iliyochezeshwa hadharani, na ripoti zikachapishwa. Claudio Ferraz na Frederico Finan walionyesha kwamba mameya waliofichuliwa kabla ya uchaguzi waliadhibiwa na wapiga kura, hasa palipokuwa na redio ya eneo hilo. Katika utafiti wa mwaka 2018, wakiwa na Eric Avis, waliona kwamba wilaya iliyokwisha kukaguliwa ilikuwa na rushwa pungufu kwa asilimia 8 baadaye, na kwamba sababu kubwa ilikuwa hofu ya hatua za kisheria. Kwangu hilo ndilo linalokosekana pale ripoti ya ukaguzi inapojadiliwa bungeni kwa siku chache, hoja zikajibiwa kwa barua, na hoja zile zile zikarudi katika ripoti ya mwaka unaofuata.

Zabuni za wazi nazo zina mahali pake, na naziunga mkono kwa moyo wote. Mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kama NeST ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2023, unawezesha kulinganisha bei ya bidhaa moja kati ya halmashauri na halmashauri, na kuona ni zabuni ngapi zilizopata mzabuni mmoja pekee. Unawezesha pia kuona mikataba inayojazana chini kidogo ya kiwango ambacho kikivukwa ushindani kamili unahitajika. Rundo la aina hiyo kwenye chati ni dalili kwamba kazi moja imekatwa vipande. Lakini uwazi wa namna hii unaishia zaidi kwenye bei na kwenye kumchagua mshindi. Java inatufundisha kwamba wizi ulikaa kwenye idadi, baada ya mshindi kuchaguliwa.

Niliyaona hayo nilipokuwa kwenye kamati ya mapokezi ya ujenzi wa madarasa mawili kwa mafundi wenyeji, utaratibu ambao wengi huuita fosi akaunti. Mchanga ulikuwa unaletwa kwa tripu. Hati ilisema kila tripu ni mita za ujazo 5, bei ilikuwa ya soko, tripu 10 zilikuwa zimefika kweli, na sahihi zote zilikuwepo. Mkaguzi wa nyaraka asingepata hoja hata moja. Fundi mkuu ndiye aliyelalamika kwamba mchanga unaisha kabla ya hesabu yake. Tripu ya kumi na moja ilipofika nilikopa futi kamba nikapima bodi ya lori: urefu mita 3.6, upana 1.9, kina 0.5. Hiyo ni mita za ujazo 3.42. Kwa tripu zile 10 tulikuwa tumesaini mita 50 na kupokea kama 34.

Hati ya mapokezi haikuwa na nafasi ya kuandika vipimo, bali idadi ya tripu tu, na hiyo idadi ndiyo iliyopelekwa halmashauri. Ninachopendekeza ni kwamba kipimo kilichofanyika wakati wa kupokea kiandikwe na kuwekwa kwenye mfumo ule ule ulioonyesha bei ya mshindi, pamoja na picha ya futi kamba kwenye bodi, na kwamba mkaguzi achague miradi michache kwa bahati nasibu aende na jembe, akavunje sakafu apime unene wa zege. Tripu zilizobaki tulizipima kabla ya kushusha, na pembeni mwa hati, kwa kalamu, tukaandika mita za ujazo tulizozikuta.