Namba ya kasha inaanza na 150, hiyo ni nchi gani?

"Nina picha ya kasha tu. Chini ya mistari ya msimbopau pameandikwa 15012345678907, na 150 siioni kwenye orodha ya nchi. Mzigo umetoka wapi?"

Tarakimu ziko 14, kwa hiyo hii ni namba ya kasha, si ya pakiti. Ile 1 ya mwanzo ni ngazi ya ufungashaji. Iruke, anza kusoma 50. 50 ni Uingereza, ila hilo ni nusu ya jibu: GS1 ya huko, shirika linalogawa namba hizi, ndiyo iliyotoa namba kwa mwenye chapa, lakini kiwanda kinaweza kuwa bara jingine kabisa. Ukiona namba ya pakiti inaishia 0 na ya kasha 7, usishtuke. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa upya, si dalili ya bidhaa bandia.

Asili itafute ubavuni mwa kasha. Kuza picha utafute MADE IN. Ikifuatwa na P.R.C. ni China, na wengi huipita bila kuitambua. PACKED BY humtaja mfungashaji tu. Usipoona neno la nchi, soma namba ya bechi umpelekee mwenye chapa, yeye ndiye anayejua kiwanda.

Na ukiona namba inayoanza na 20 kwenye lebo ya mizani ya duka: hiyo ni ya ndani ya duka, haina nchi.